Kibali Halali, Mzigo Hauonekani: Ukaguzi wa Msamaha wa Ushuru Uanzie Eneo la Mradi

Mkaguzi akifungua faili la msamaha wa ushuru, mara nyingi anakuta kila kitu kipo. Barua ya maombi ipo, barua ya mwenye mradi ya kuthibitisha uhitaji ipo, Tangazo la Serikali lipo, idhini kwenye mfumo wa forodha ipo, na nyuma kabisa zimebanwa nakala za hati za kupokea mzigo zenye sahihi na mhuri. Anaweka tiki, anaandika kuwa nyaraka zimekamilika, faili linarudi kabatini. Kwa maoni yangu kazi yenyewe hapo haijaanza. Upotevu mkubwa wa misamaha haupiti kwenye vibali vya kughushi. Unapita kwenye kibali halali kabisa ambacho ndani yake kimeandikwa kiasi kikubwa kuliko mahitaji.

Wanaofuatilia ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali wanakumbuka mjadala wa mwaka wa fedha 2011/12, misamaha ya kodi Tanzania ilipofikia takriban shilingi trilioni 1.8. Bungeni na magazetini swali lilikuwa nani kasamehewa na kwa sheria ipi. Lilikuwa swali halali, na tangu hapo sheria zimebanwa. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 ilipunguza sana mianya. Swali la pili lilipata nafasi ndogo mno: kilichosamehewa kilifika kwa aliyekusudiwa?

Kenya walilipata jibu la swali hilo kwa njia chungu. Mei 2017, wakati wa ukame, serikali ilifungua mlango wa sukari isiyolipiwa ushuru ili bei ishuke madukani. Tangazo lilikuwa halali na lilichapishwa kwenye gazeti rasmi, ila halikuweka ukomo wa tani wala halikutaja ni nani hasa aagize. Sukari iliyoingia mwaka huo ilikaribia tani 990,000, wakati mwaka uliotangulia ilikuwa takriban tani 334,000. Mwaka 2018 kamati za bunge zilikuwa bado zinahangaika kujua nani aliingiza nini na kimeishia wapi. Kibali kisicho na kiasi hakikaguliki, kwa sababu hakuna cha kulinganisha nacho.

Nitabaki na aina moja ya msamaha, ambayo naona inafundisha kuliko zote: dizeli ya mkandarasi wa barabara. Nondo ina kipenyo na uzito unaopimika, gari lina namba ya chasisi na linasajiliwa TRA hukohuko, na mtambo mkubwa ukiuzwa utaonekana. Dizeli haina sura. Lita iliyosamehewa na lita iliyolipiwa zikikaa kwenye tenki moja hakuna jicho la kuzitenganisha, na soko lake liko kila kijiji chenye pampu.

Kwanza tuelewe mafuta hayo yanavyoingia. Tanzania huagiza mafuta kwa pamoja kupitia Wakala wa Uagizaji Mafuta kwa Pamoja. Meli moja inaleta shehena ya kampuni nyingi, inashusha Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, na mafuta yanaingia kwenye matenki ya maghala chini ya uangalizi wa forodha. Wakati huo hakuna dizeli ya msamaha. Ipo dizeli tu. Msamaha unazaliwa siku kampuni ya mafuta inapotoa mzigo ghalani kwa jina la mkandarasi: wakala wa forodha anaandaa tamko kwenye TANCIS, mfumo wa forodha wa TRA, anaweka msimbo wa msamaha badala ya ule wa matumizi ya ndani, na lori linajazwa. Kwenye dizeli msamaha unagusa ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na tozo ya petroli, ambazo kwa pamoja ni zaidi ya shilingi 600 kwa lita. Kodi ya ongezeko la thamani haimo, maana mafuta hayo hayatozwi tangu mwanzo.

Kwa hiyo tofauti kati ya lori la mradi na lori la kituo cha mafuta cha barabarani, pale geti la ghala, ni karatasi. Dereva ni yuleyule, lori ni lilelile, na kwa lori la lita 36,000 karatasi hiyo ina thamani ya zaidi ya shilingi milioni 21. Mtu yeyote anayepanga ukaguzi na aiweke namba hiyo mbele yake kabla hajaamua atapima nini.

Tuanze na kibali. Orodha za ukaguzi huuliza kama kibali kimesainiwa na mwenye mamlaka, kama kilitoka kabla ya mzigo kuondolewa forodhani, kama muda wake haujaisha, na kama anayetajwa ndiye aliyetumia. Vyote hivyo vipimwe, na havichukui muda mrefu. Mkaguzi anachukua matamko yote yenye namba ya mlipakodi ya mkandarasi, anayapanga kwa tarehe, anajumlisha lita, kisha analinganisha na kiasi kilichoidhinishwa. Akiona ankara moja imetumika kwenye matamko mawili, au mafuta yametolewa baada ya kibali kuisha, ameshapata hoja ya kwanza.

Swali ambalo haliulizwi ni hili: kiasi kilichoidhinishwa kilikokotolewa na nani? Fuata barua kinyumenyume. Kiasi cha Wizara ya Fedha kimetoka kwenye barua ya mwenye mradi. Kiasi cha mwenye mradi kimetoka kwenye barua ya mhandisi mshauri. Cha mhandisi mshauri kimetoka kwenye barua ya mkandarasi. Kila ofisi imethibitisha kuwa ofisi iliyotangulia imethibitisha. Sahihi zinaweza kuwa nne, na hesabu ikawa moja tu, ya yule atakayefaidika, tena wakati mwingine hata hiyo haikuambatishwa. Mkaguzi aombe karatasi ya ukokotoaji: mitambo mingapi, saa ngapi, lita ngapi kwa saa, kilomita ngapi za kusomba udongo na kokoto. Kama haipo, hiyo ni dosari ya idhini yenyewe na iandikwe hivyo, hata kama baadaye lita zote zitapatikana.

Mkandarasi mwenye akili huomba zaidi ya mahitaji kwa sababu inayoeleweka. Barua ya nyongeza inaweza kuchukua miezi, na hataki mitambo isimame. Anaweka akiba ya asilimia 20 au 30. Tatizo ni kwamba akiba hiyo, ikishaidhinishwa, inageuka kuwa haki. Kila lita iliyobaki kwenye salio inaweza kutolewa ghalani kihalali kabisa, na hakuna mtu forodhani atakayeuliza, kwa kuwa mfumo unaonyesha salio lipo.

Sasa tufanye hesabu. Mfano huu nimeutunga, lakini kila namba iko kwenye viwango ambavyo mhandisi wa barabara atavitambua.

Mkandarasi anajenga barabara ya lami ya kilomita 80 mkoani Singida. Ameidhinishiwa lita milioni 5.2 za dizeli kwa miezi 30. Mwisho wa mwezi wa 24 ameshatoa ghalani lita milioni 4.8, yaani asilimia 92, ilhali hati za malipo zinaonyesha kazi imefika asilimia 62. Kengele imelia. Haitoshi kumhukumu, kwa sababu kazi za udongo ndizo zinazokunywa dizeli zaidi na huwa zinatangulia. Mradi unaweza kutumia theluthi mbili za mafuta kabla lami haijamwagwa. Mkaguzi anayeandika hoja kwa kulinganisha asilimia hizo mbili peke yake atajibiwa kwa aya moja na hoja itafungwa. Ashuke chini, achukue mwezi mmoja mmoja.

Nauchagua mwezi wa Januari, na nauchagua kwa makusudi. Singida mvua ni ya msimu mmoja, na Januari iko katikati yake. Shajara ya mhandisi mshauri inaonyesha siku 17 kazi za nje zilisimama kwa mvua na tope. Zilizobaki ni siku 14. Mwezi huohuo matamko ya forodha yanaonyesha malori manane ya lita 36,000 yametolewa kwa ajili ya mradi, jumla lita 288,000. Mafuta yakitolewa mengi mwezi ambao mitambo imesimama, hapo ndipo pa kuchimba.

Mkandarasi ana katapila, greda, mashine za kushindilia na vipakizi, jumla mitambo 30 inayofanya kazi. Kila mmoja una mita ya saa, na mwendeshaji huandika usomaji wake asubuhi na jioni. Kwa siku 14, saa 10 kila siku, ni saa 4,200. Kwa wastani wa lita 18 kwa saa tunapata lita 75,600. Tipa na maboza ya maji ni 40, kila moja kilomita 120 kwa siku, jumla kilomita 67,200. Kwa lita 45 kila kilomita 100 ni lita 30,240. Jenereta za kambi na za kusaga kokoto, ambazo mvua haizizimi, tuzipe lita 26,000. Jumla ni lita 131,840. Tumpe mkandarasi asilimia 10 juu, kwa ajili ya mitambo kuunguruma ikiwa imesimama, tope zito na injini chakavu. Tunafika lita 145,024.

Kisha matenki ya kambini. Usomaji wa kijiti cha kupimia tenki tarehe 1 na tarehe 31 unaonyesha akiba iliongezeka kwa lita 33,500. Lita zenye maelezo zinakuwa 178,524. Zisizo na maelezo ni 109,476.

Malori matatu ni lita 108,000.

Namba ikiangukia karibu na malori kamili, mkaguzi aongeze umakini. Wizi wa madumu kambini hutoa upungufu usio na umbo: lita mia tatu leo, mia nane kesho. Lori ambalo halikufika hutoa upungufu wa lori. Hata hivyo ukaribu huo nao ni dalili tu, hauthibitishi. Kinachofuata ni kuyatafuta malori matatu kwa namba zao.

Hapa ndipo hati ya kupokea mzigo inapopoteza uzito wake. Yote manane yana hati, sahihi ya mtunza stoo na mhuri wa mkandarasi. Ni kazi ya dakika moja kuigonga mhuri hati ya lori ambalo halikuja. Kwa hiyo mkaguzi atafute kumbukumbu ambazo mkandarasi hakuziandika yeye. Ya kwanza ni mizani. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Singida kwa njia ya Morogoro na Dodoma linapita mizani ya Vigwaza, Mikese na Nala, na kila linapopimwa linaacha namba yake, saa yake na uzito wake. Lita 36,000 za dizeli zina uzito wa tani 30 hivi. Lori na trela yake tupu huwa na tani 16 au 17. Kwa hiyo lori lenye mzigo wa mradi linatakiwa lisome tani 46 au 47 kila mizani. Likisoma hivyo Vigwaza na lisionekane kabisa Nala, limeshushia katikati. Likisoma tani 17 Nala, limefika Dodoma likiwa tupu na mtu kalipeleka ili picha ikamilike. Na kama siku ileile ambayo hati inasema lilishusha Singida namba hiyohiyo imepimwa ikielekea Tunduma, hakuna maelezo yatakayoikoa hati ile.

Ya pili ni daftari la getini la mlinzi, ambaye mara nyingi ni wa kampuni ya nje na anaandika kwa kalamu bila kujua kuwa daftari lake ni ushahidi. Ya tatu ni lakiri. Ghala linafunga matundu ya tenki kwa lakiri zenye namba, na namba hizo zimo kwenye hati ya kupakia. Mtunza stoo makini huziandika anapozikata. Ukiona hati nane za kupokea, tano zina namba za lakiri na tatu hazina, umeshajua uanzie wapi.

Kuna utetezi mmoja ambao mkaguzi autarajie na aupe haki yake, nao ni joto. Kijiti cha kambini kinasoma mafuta kama yalivyo saa hiyo. Dizeli hupungua ujazo kwa takriban asilimia 0.08 kila nyuzi moja ya joto inaposhuka. Lori lililopakiwa kwa nyuzi 30 Dar es Salaam, lita zikahesabiwa kwa joto hilohilo, na kupimwa kwa nyuzi 20 alfajiri Singida litaonekana limepungukiwa karibu lita 290, bila tone kuibiwa. Kwa malori manane hiyo ni lita 2,300 hivi. Mkaguzi aiandike hesabu hiyo mwenyewe kwenye ripoti kabla hajaletewa. Inaeleza lita elfu mbili na ushee, haielezi lita laki moja. Mkandarasi akishaona mkaguzi anaijua, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Upande wa pili wa njia ni soko. Tangu mwaka 2010 mafuta yaliyolipiwa kodi kwa ajili ya soko la ndani huwekwa vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha, kazi iliyoanza chini ya EWURA na baadaye ikahamia TBS. Mafuta ya kwenda nchi jirani na ya msamaha hayawekwi. Wakaguzi wakichukua sampuli kwenye pampu ya kituo wakakuta vinasaba havipo au vimepungua, wanajua kuna mafuta ambayo hayakulipiwa. Ni kipimo kizuri, na inasikitisha kwamba matokeo yake na faili za misamaha hukaa ofisi tofauti bila kukutanishwa. Orodha ya vituo vilivyofeli, ikiwekwa kwenye ramani pamoja na njia ya malori ya mradi na tarehe za kutoka ghalani, inaweza kuonyesha mahali pa kushushia.

Lakini kipimo hicho kina mipaka, na asiyeijua ataandika hoja dhaifu. Vinasaba vikikosekana havisemi kama mafuta yalitoka kwenye msamaha au yalikuwa safarini kwenda Kongo au Zambia. Havitaji mradi. Na dizeli ya mradi ikiuzwa kwa mwenye lori, mgodi mdogo au mwenye mashine ya kusaga, haipiti kwenye pampu yoyote ya kupimwa. Kituo kilichofeli ni mahali pa kuanzia maswali. Jibu la nani aliuza liko kwenye lita za mradi.

Kuna njia nyingine ya uvujaji ambayo haitoki nje ya uzio wa mradi, na kwa sababu hiyo huwa haionekani. Mkandarasi mkuu ana wakandarasi wadogo wa kusomba kifusi na kuchimba mitaro. Anawapa dizeli kutoka tenki lake, kisha anawakata kwenye malipo yao. Mkaguzi aombe hati za makato na aangalie bei ya lita. Ikiwa ni bei aliyonunulia bila kodi, sawa, msamaha umefika kwenye kazi. Ikiwa ni bei ya pampu ya mjini, mkandarasi ameuza mafuta ya msamaha kwa faida na kodi iliyosamehewa imeingia mfukoni mwake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema bidhaa iliyosamehewa ikitolewa kwa namna isiyoendana na lengo la msamaha, ushuru unadaiwa. Nimeona watu wakibisha kuwa mafuta yaliungua kwenye barabara ileile, kwa hiyo lengo limetimia. Siwaungi mkono. Aliyesamehewa ni mradi, na bei ya mradi haikupungua hata senti.

Hoja hiyo inanifikisha kwenye kipimo ambacho ningependa kila timu ya ukaguzi ikiweke kwenye mpango wake, kwa kuwa kinagusa miradi ambayo lita zote zimefika salama. Fungua mkataba, nenda kwenye uchambuzi wa viwango vya bei ambao mkandarasi aliuwasilisha wakati wa zabuni. Humo ameandika dizeli aliihesabu kwa shilingi ngapi lita. Kama aliweka bei bila kodi, msamaha unalipa pengo lililokusudiwa. Kama aliweka bei ya pampu, yenye kodi zote, basi serikali inamlipa kodi hiyo ndani ya kila mita ya ujazo ya udongo anayoshindilia, na hapohapo imemsamehe asiilipe. Amelipwa mara mbili. Kwa mradi wetu wa lita milioni 4.8, kwa shilingi 600 tu, hiyo ni shilingi bilioni 2.88, na hakuna hata lori moja lililopotea.

Kwenye hali kama hiyo kibali ni safi, salio ni safi, mizani inakubali, tenki linakubali. Aliyekusudiwa, ambaye ni mlipakodi anayejengewa barabara, hajapata kitu. Mkaguzi wa forodha hataiona kwa sababu mkataba hauko kwenye faili lake. Mkaguzi wa mkataba hataiona kwa sababu msamaha hauko kwenye lake. Ndiyo maana nasisitiza timu iwe moja, yenye mhandisi ndani yake, au angalau mafaili mawili yawekwe juu ya meza moja siku moja. Pia waangalie kanuni ya marekebisho ya bei: kama mkataba unamwongezea mkandarasi malipo kila bei ya pampu inapopanda, na sehemu ya kupanda huko ni tozo ambayo yeye hailipi, analipwa fidia ya gharama isiyomhusu.

Baada ya hapo ni madai. Kwa malori matatu ya Januari, kodi inayodaiwa inazidi shilingi milioni 64, na riba juu. Swali gumu ni adaiwe nani. Kampuni ya mafuta itasema ilitoa mzigo kwa kibali halali. Msafirishaji atasema alikabidhi na hati anayo. Mwenye mradi atasema yeye alithibitisha uhitaji tu. Msamaha ni wa mnufaika aliyetajwa, naye aliahidi matumizi. Kwa hiyo dai lianze kwake, na kila malipo yake yanayosubiri kwa mwenye mradi yawe dhamana. Hapo ndipo kasi ya mkaguzi inapoamua kama pesa itarudi. Malipo yakishamalizika na dhamana ya utekelezaji ikarudishwa, mkandarasi wa nje ya nchi anabaki anwani tu.

Ushahidi nao una umri wake. Sheria ya forodha inataka nyaraka zitunzwe miaka mitano, na matamko ya TANCIS yatakuwepo. Nyaraka ambazo sheria haikuzifikiria ndizo zinazoondoka mapema: daftari la mlinzi, usomaji wa mita za saa, karatasi za kijiti cha tenki, majina ya waendeshaji. Kambi ikivunjwa zinachomwa pamoja na takataka nyingine za ofisi, na mitambo inapakiwa kwenda mradi mwingine, pengine nchi nyingine. Ripoti ikiandikwa miaka miwili baada ya barabara kukabidhiwa, mkaguzi atakuwa na hati nane zenye mihuri minane na hana cha kuzipimia. Kwa mradi wa miezi 30 ningependa apige hodi kambini walau mara mbili kabla ya mwezi wa 20, mara moja bila taarifa, na moja ya siku hizo iwe ya mvua, aingie na kijiti chake mwenyewe cha kupimia tenki.